Friji Nyekundu ni ya Nani

Dada hapigi simu asubuhi ya siku ya chanjo ila mambo yakiwa yameharibika. Siku hiyo ana foleni ya mama na watoto kuanzia mlangoni hadi kwenye bomba la maji, na simu yake hulala mfukoni mwa koti jeupe hadi mchana. Kwa hiyo ilipoita nikiwa bado nashika kikombe cha chai, nilikiweka chini.

"Kitinda," alisema. Ndivyo anavyoniita tangu utotoni, kwa kuwa mimi ndiye kitinda mimba wa nyumba yetu. "Hilo dude lenu linasema friji yangu inaungua."

"Dude gani?"

"Usinichezee. Skrini yenu. Imekuwa nyekundu. Inasema nyuzi kumi na mbili. Nimefungua friji, kipimajoto kilicho ndani kinasema nne. Sasa nimwamini nani?"

Hapa nieleze kidogo. Mimi na mwenzangu tunatengeneza tovuti. Ofisi yetu ni chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya umeme, meza mbili, feni moja inayogeukia upande wa mwenzangu tu. Mwenzangu huyo tunamwita Upesi, na si kwa dhihaka: kila kitu kwake ni kuongeza kasi. Idara ya chanjo ya wilaya ilikuwa imetupa kazi ya kuchukua dashibodi ya friji zao za chanjo, yaani ukurasa unaochora joto la kila moja, na kuiweka ndani ya tovuti ya idara, ili muuguzi wa kila zahanati aingie kwa nywila yake na kuona joto la friji yake, moja kwa moja, muda wowote. Kila friji ilifungwa kihisi kidogo kinachotuma joto kwenye mtandao. Mstari ukiwa kati ya nyuzi mbili na nane, rangi ni kijani. Ukizidi, ni nyekundu.

Na agizo la Mkuu wa idara lilikuwa kali: skrini ikiwa nyekundu, hakuna mtoto anayechomwa sindano mpaka yeye mwenyewe aseme.

"Una wangapi nje?" nilimuuliza Dada.

"Wengi. Na wengine wametembea tangu alfajiri. Kitinda, nisikilize. Unajua habari yangu na Mkuu."

Niliijua. Mwaka uliopita mlango wa friji yake uliachwa wazi usiku kucha. Si yeye aliyeuacha, lakini yeye ndiye msimamizi wa zahanati ya sokoni, na lawama ilimwangukia. Alipewa onyo kwa maandishi. Mkuu alimwambia mbele ya wenzake kwamba chanjo zikiharibika tena mikononi mwake, atavuliwa usimamizi na kupelekwa kwingine. Dada yangu ameijenga zahanati ile. Kabla yake ilikuwa chumba cha kuhifadhia magunia. Kumtoa pale ni sawa na kumtoa nyumbani kwake.

"Usichome bado," nilisema. "Nipe muda niangalie."

"Ngoja," alisema. "Ngoja. Imekuwa kijani."

"Kijani?"

"Nyuzi tano. Haikushuka pole pole. Nimepepesa macho tu na imekuwa kijani. Sijagusa kitu, haki ya Mungu."

Nilitazama skrini yangu. Nilikuwa nimefungua tovuti ile ile wakati tukizungumza, kwa jina la kuingilia la majaribio. Mimi sikuruhusiwa kuona friji ya zahanati yoyote. Hilo lilikuwa sharti la mkataba, na Mkuu alilisoma kwa sauti huku akinyoosha kidole: takwimu ni za idara, mafundi wa tovuti wasizichungulie. Kwa hiyo nilijitungia zahanati ya majaribio isiyokuwepo duniani, na friji yake isiyokuwepo, ikiwa na mstari ulionyooka wa nyuzi tano asubuhi, mchana na usiku. Friji tamu sana. Haijawahi kunisumbua.

"Kwangu mambo yako sawa," nilimwambia. "Labda ni kivinjari chako. Kifunge, kifungue tena, ingia upya."

Alifanya hivyo huku akinung'unika. Nyekundu. Akasubiri. Kijani. Akaondoka kwenda kumtuliza mama mmoja aliyeanza kupiga kelele, akarudi. Nyekundu, nyuzi kumi na tatu.

"Friji haiwezi kuugua na kupona kila nikigeuka," alisema, na nilisikia sauti yake ikianza kukwaruza. "Hata malaria haiendi hivyo."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Upesi alikuwa amevua vipokea sauti masikioni. Nilimweleza. Alisema kihisi kimeharibika, dawa yake ni kubadilisha kihisi, na akataka kurudi kwenye kazi yake. Kihisi kilichoharibika ni jibu zuri sana, maana si kosa letu. Nami nililipenda. Nililipenda mpaka simu nyingine ilipoita.

Alikuwa muuguzi wa zahanati ya kiwandani, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu ambaye huanza kila jambo kwa kuomba radhi. Aliomba radhi kwa kunisumbua, akasema hana tatizo, ila friji yake imekuwa na mstari ulionyooka sana.

"Ulionyooka vipi, mama?"

"Kama umepigwa rula, mwanangu. Nyuzi tano. Hapa mlango unafunguliwa kila dakika, ungepanda na kushuka kidogo. Tena mwanzo ilikuwa nyekundu, moyo ukanilipuka. Sasa ni rula. Nikasema niulize, samahani."

Nilimshukuru nikakata simu, na nilikaa nikiangalia ukuta. Nyuzi tano, umepigwa rula. Mstari huo niliujua. Niliuchora mimi. Lakini friji yangu ya uongo inafanya nini kwenye skrini ya zahanati ya kiwandani?

"Upesi," nilisema, "hebu njoo."

Alikuja na kiti chake bila kuinuka, akikisukuma kwa miguu. Tukaitazama skrini yangu pamoja. Jina lililokuwa juu ya ukurasa lilikuwa "Zahanati ya Majaribio", sawa kabisa. Chini yake, ndani ya fremu, mstari wa nyuzi tano. Dashibodi hujiuliza upya kila baada ya muda mfupi ili iendelee kuwa hai. Ilijiuliza. Na mbele ya macho yetu mstari ulionyooka ukatoweka, ukaja mwingine wenye milima na mabonde, unaopanda kuelekea kulia. Rangi nyekundu. Nyuzi kumi na nne.

Friji isiyokuwepo ilikuwa imeshikwa na homa.

"Hii haiwezekani," Upesi alisema.

"Umeona lakini."

"Nimeona. Haiwezekani."

Sijui kama nimewahi kuchanganyikiwa kiasi kile nikiwa macho. Kwa muda nilishuku kila kitu: vihisi, idara, mtu aliyetuingilia, hata mimi mwenyewe. Nilianza kusema kwa sauti jinsi mfumo unavyofanya kazi, hatua kwa hatua, jinsi mtu aliyepoteza funguo anavyotaja vyumba alivyopita.

Muuguzi anaingia kwa nywila. Seva yetu inamtambua: huyu ni wa sokoni. Dashibodi yenyewe haiko kwetu, iko kwenye mashine ya idara, na haimjui muuguzi. Kwa hiyo seva yetu inamkatia tiketi. Ndani ya tiketi imeandikwa zahanati yake na muda wa tiketi kuisha, halafu inapigwa muhuri kwa ufunguo wa siri ambao sisi na mashine ya idara peke yetu tunaujua. Kivinjari cha muuguzi kinabeba tiketi hiyo hadi kwenye dashibodi, na kila dashibodi inapojiuliza upya kinaomba tiketi nyingine. Dashibodi inakagua muhuri. Ukiwa wa kweli, inafungua friji iliyoandikwa kwenye tiketi, hiyo tu, wala muuguzi hawezi kubadilisha jina, maana akigusa herufi moja muhuri unaharibika. Mtu asiye na tiketi haoni kitu. Nilijivunia sana tiketi hizo. Niliwahi kumwambia Mkuu kwamba hata yeye mwenyewe hawezi kuzighushi.

"Muhuri ni mzima," nilisema. "Zahanati kwenye tiketi inatoka kwenye nywila. Kila mtu anapata tiketi yake. Sasa..."

Niliona Upesi ameacha kunitazama. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Kila mtu anaomba tiketi kwenye anwani moja," alisema polepole. Upesi hasemi polepole.

"Ndiyo. Anwani ni moja, nywila ndiyo inayotofautiana."

"Jana wauguzi walilalamika tovuti ni nzito."

"Ndiyo."

"Nikaweka kache mbele ya seva. Jibu likishatolewa, linahifadhiwa dakika tano, anayefuata anapewa lile lile bila kuisumbua seva. Nilikuuliza. Ukasema sawa."

Nilikuwa nimesema sawa. Nilisema sawa nikiwa nakula, bila hata kugeuza shingo. Na kache ile haikujali nywila. Iliona anwani tu. Mtu wa kwanza kuomba tiketi alipata tiketi yake, na kila aliyekuja ndani ya dakika tano alipewa nakala ya tiketi ya yule wa kwanza, muhuri halali kabisa. Zikiisha dakika tano, mwingine anakuwa wa kwanza, na zahanati zote zinahamia kwenye friji yake. Zahanati kumi na mbili zilikuwa zikichungulia tundu moja la ufunguo, na tundu lenyewe lilikuwa linahama.

Na kwa nini hakuna aliyegundua? Kwa sababu picha ile haikuwa na jina. Mwanzoni ilikuwa nalo. Kisha wauguzi wakaanza kupiga picha za skrini na kurushiana kwenye kundi la simu, wakitaniana friji ya nani inatoa jasho, na msimamizi mmoja akaenda kulia kwa Mkuu. Mkuu akaagiza jina la zahanati liondolewe kwenye dashibodi. Niliondoa. Jina la juu ya ukurasa lilikuja kwa njia nyingine isiyopita kwenye kache, kwa hiyo kila mmoja aliona jina lake sahihi, na chini yake friji ya jirani.

Niliruka na kushika simu. Kichwani mwangu palikuwa na furaha ya ajabu, ile ya mtu aliyepapasa gizani na mkono ukagusa swichi.

"Dada! Si friji yako!"

"Nini?"

"Ni kosa letu. Watu wote wanaona nyekundu. Kiwandani wameiona, mimi mwenyewe nimeiona kwenye friji ya uongo. Skrini imechanganya mambo. Hiyo homa ni ya mtu mwingine. Kipimajoto chako kinasema nne, si ndiyo?"

"Nne. Tangu asubuhi nne, haijatikisika."

"Basi friji yako ni nzima. Chanja."

"Na Mkuu?"

"Mkuu nitamweleza mimi. Kosa ni la tovuti, si lako. Chanja, Dada, watu wasikae juani."

Nilimsikia akipumua, pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo. Akasema, "Mungu akubariki, mdogo wangu," na simu ikakatika. Nikarudi mezani nikiwa nimevimba kichwa. Nilikuwa nimemwokoa dada yangu.

Upesi alikuwa ameshaanza kurekebisha. Aliiambia kache isiguse kabisa anwani ya tiketi, kisha akafuta kila ilichokihifadhi. Niliingia kama zahanati ya majaribio: nyuzi tano, rula. Nikasubiri ijiulize upya. Rula. Tena, rula. Upesi akaingia kwa jina la pili la majaribio kwenye kompyuta yake, lenye friji ya uongo ya nyuzi sita. Kwake sita, kwangu tano, kwa wakati mmoja. Tuligonga viganja.

Kisha akauliza, "Sasa nyekundu ni ya nani?"

Nilikuwa nimelisahau hilo. Nilikuwa nimeshughulika na friji zisizougua, na ile inayougua nikaiacha iendelee. Mahali fulani palikuwa na friji ya kweli, nyuzi kumi na nne na inapanda, na pengine muuguzi wake alikuwa ametulia kwa sababu saa nzima alionyeshwa kijani cha jirani. Au kijani changu. Kila nilipofungua ukurasa wa majaribio nikiwa wa kwanza, niliwagawia wote friji tamu isiyokuwepo.

Tulimpigia Mkuu. Yeye ndiye pekee mwenye ruhusa ya kuona friji zote. Simu ilikuwa imezimwa. Tulimpigia karani wake, akasema Mkuu yuko kikaoni na wageni na amekataza kuitwa hata nyumba ikiungua. Nilimwambia kuna friji inaungua. Akasema ataandika ujumbe.

"Kata tiketi," Upesi alisema.

"Ya nini?"

"Ya zahanati zote. Ufunguo wa siri si uko kwenye seva yetu? Andika zahanati, piga muhuri, fungua. Dakika moja tutajua."

Kweli ufunguo ulikuwa kwetu. Nilikuwa nimefungia kila mtu nje na kusahau kwamba mwenye kukata tiketi anaweza kujikatia. Nilitazama kibodi. Halafu nikakumbuka kidole cha Mkuu na mkataba, na jinsi nilivyomwapia kwamba hata sisi hatutaona. Nilijiona mwaminifu sana wakati ule. Nilitaka kubaki hivyo.

"Hapana," nilisema. "Hatuna ruhusa. Tutawapigia wauguzi. Sasa kila mmoja anaona yake, kila mmoja atatuambia rangi yake mwenyewe."

"Zahanati kumi na mbili?"

"Wewe nusu, mimi nusu."

Upesi alinitazama kama mtu anayetaka kusema neno, kisha akachukua simu.

Wa kiwandani alianza kwa kuomba radhi, akasema kijani, na mstari umeacha kuwa rula, sasa unatikisika vizuri. Wa kilimani alikuwa mkali: kijani, na kwa nini tunampotezea muda. Wa tatu alikuwa amefunga kompyuta, ikabidi tumsubiri aiwashe, na mashine yake ilichukua muda mrefu kuamka. Kijani. Mwingine hakukumbuka nywila. Tulimtumia mpya, akaikosea, tukamtumia nyingine. Kijani. Upesi upande wake alikuwa anapata kijani, kijani, kijani. Kila kijani kilinifurahisha, halafu kikaanza kunitia wasiwasi, na sikuelewa ni kwa nini. Nilijiambia ni njaa.

"Mimi nimemaliza," Upesi alisema. "Wote kijani."

"Mimi nimebakiza mmoja," nilisema. Nilitazama majina niliyoyapigia alama. "Nimebakiza Dada. Lakini yeye..."

Kalamu ilibaki juu ya jina lake.

"Ulijuaje kwamba si yake?" Upesi aliuliza.

"Kwa sababu wote waliiona."

"Wote waliiona kwa sababu kuna mtu aliomba tiketi kwanza. Mtu huyo ni mmoja wao." Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. "Sokoni pia ni mmoja wao."

Nilipiga simu. Iliita hadi ikakatika. Nilijua iko wapi: mfukoni mwa koti jeupe, na mikono yake ina kazi. Nilipiga tena. Upesi alipiga kwa simu yake. Hakuna.

Basi nikafanya kile nilichokataa kufanya. Niliandika jina la zahanati ya sokoni, nikapiga muhuri, nikafungua. Ilichukua muda mfupi kuliko kuvuta kiti.

Mstari ulikuwa ule ule wenye milima na mabonde. Ulianza kupanda usiku. Sasa ulikuwa umefika nyuzi kumi na sita.

Niliukazia ule mstari macho nikitafuta namna ya kuukana. Kipimajoto kinasema nne, alisema Dada. Nne tangu asubuhi, haijatikisika. Nikaelewa kwa nini sikuipenda habari ya friji ya kiwandani iliyonyooka kama rula, na kwa nini habari hiyo hiyo kutoka kwa Dada niliipokea kwa mikono miwili. Friji inayofunguliwa siku nzima haikai kwenye nne bila kutikisika. Nilitaka tu awe hana kosa.

Duka la dawa lililo jirani na zahanati ya sokoni lina simu kwenye ubao wake wa nje, na namba ile ninaijua kwa kichwa kwa sababu Dada huwatuma wagonjwa kule. Nilipiga, nikamsihi mwenye duka avuke barabara amwambie muuguzi apokee simu. Akasema ana mteja. Nilipaza sauti kwa mtu mzima ambaye hajanikosea lolote, naye akaenda.

Dada alipiga mwenyewe.

"Kuna nini? Umenitoa na sindano mkononi."

"Dada, acha kuchanja. Nenda kwenye friji. Kigonge kile kipimajoto."

"Nikigonge?"

"Kwa kidole. Tafadhali."

Nilisikia hatua zake, mlango wa friji, kisha mlio mdogo wa ukucha kwenye kioo.

"Mshale umeruka," alisema. "Umeruka mpaka mwisho kabisa. Kitinda, chupa zina joto. Mkono wangu... nilivaa glavu asubuhi nzima, sikuhisi." Alivuta pumzi. "Mpira wa mlango umeachia huku chini. Umeachia."

"Umechanja wangapi?"

"Sijui. Wengi. Wengine wameshaondoka." Kisha akasema kwa sauti ya kazi, ile ya kujishikilia, "Haitawadhuru. Lakini huenda isiwakinge. Mama anaenda nyumbani akijua mtoto amekingwa, kumbe."

Nikaanza kumweleza kache, tiketi, dakika tano. Aliniacha nieleze. Nilipomaliza aliuliza, "Sasa hivi umejuaje kwamba ni friji yangu?"

"Nimejikatia tiketi. Nimeifungua."

"Ulikuwa na ruhusa?"

"Hapana."

"Lakini uliweza."

"Niliweza."

"Tangu saa ile niliyokupigia mara ya kwanza?"

Upesi aliinuka akatoka nje ya chumba, akafunga mlango nyuma yake taratibu.

"Tangu saa ile," nilisema.

Dada hakunitukana. Ningemshukuru angenitukana. Nilisikia watoto wakilia nyuma yake, na mama mmoja akiuliza zamu yake itafika lini.

"Onyo langu la pili Mkuu ataliandika leo," alisema. "Hilo niachie mimi. Lakini hawa walioko hapa wataniuliza kwa nini nilisimamisha, kisha nikaendelea, kisha nikasimamisha. Na mimi sijui la kuwajibu. Njoo uwaambie wewe."

Nilitembea hadi sokoni, kwa kuwa sikuweza kukaa kwenye gari na watu. Njia nzima nilijaribu kupanga maneno. Nilianza na tiketi, nikaona haifai. Nilianza na kache, ikawa mbaya zaidi. Kila sentensi niliyoipata ilikuwa ya kweli, na hakuna hata moja iliyokuwa na mtoto ndani yake.

Foleni ilikuwa bado ipo. Hakuna aliyeondoka tena, walikuwa wamekaa chini ukutani kwenye kivuli chembamba. Dada alisimama mlangoni bila glavu. Alininyooshea mkono tu, kuwaonyesha. Mama mmoja aliyekuwa karibu, na mtoto amelala begani na kipande cha pamba kimebandikwa pajani, alinitazama toka juu hadi chini.

"Wewe ndiye uliyesema tuchanjwe?" aliuliza.

"Ndiyo, mama," nilisema. "Ni mimi."

"Uliona nini?"

Nilifungua mdomo. Wote walikuwa wakisubiri, hata Dada.

"Sikuona kitu," nilisema. "Nilisema tu."